Picha ya Mgombea Inapokufikia Wakati wa Kampeni: Dalili, Sababu na Namna ya Kuikagua Kabla ya Kuisambaza

Watu wengi wanaoniletea picha msimu wa uchaguzi huuliza swali moja: "Hii imetengenezwa?" Swali hilo halitoshi. Picha inaweza kuwa haijaguswa hata kidogo na bado ikadanganya, kwa kuwa kilichobadilishwa ni maneno yaliyoandikwa chini yake. Swali linalosaidia zaidi ni hili: picha hii ilipigwa wapi, lini, na ndani yake walikuwamo nani kabla haijanifikia mimi?

Kubadilishwa kwa picha kuna namna nne, na ni vyema kuzitenganisha mapema. Huenda picha nzima imehamishwa kutoka tukio moja ikapewa tukio jingine. Huenda maandishi yaliyo ndani yake, kama vile ya bango, fulana au kichwa cha habari, yamefutwa na mengine kuwekwa mahali pake. Huenda watu wawili waliopigwa picha mahali tofauti wamewekwa bega kwa bega. Au uso wa mtu mmoja umebandikwa kwenye mwili wa mwingine. Namna hizi mbili za mwisho ndizo watu huziogopa zaidi, lakini zile mbili za kwanza ndizo zinazojaa kwenye simu zetu, kwa sababu hazihitaji ujuzi wowote.

Kabla ya kukagua dalili yoyote

Tafuta nakala bora kuliko uliyo nayo. WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na huondoa taarifa zilizomo ndani ya faili, kama vile tarehe ya kupigwa na aina ya kamera. Picha iliyopitia makundi kumi huwa imepunguzwa tena na tena, na alama ndogo ambazo zingekuonyesha mahali ilipounganishwa huwa zimefutika. Aliyekutumia akisema kwamba aliipiga mwenyewe, mwombe aitume tena kama hati badala ya picha, kwa kuwa faili ikitumwa hivyo hufika jinsi ilivyo. Akishindwa, hilo peke yake si ushahidi wa uongo, ila limekuonyesha kwamba huenda hana picha ya asili.

Kisha tazama juu ya ujumbe. Alama ya mishale miwili kwenye WhatsApp humaanisha kwamba ujumbe umepitia mikono mitano au zaidi tangu kwa mtumaji wa kwanza, na ndiyo maana programu hukuzuia kuusambaza kwenye zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja. Alama hiyo haisemi kuwa habari ni ya uongo. Inasema kwamba aliyekutumia hakushuhudia tukio, hivyo kumuuliza "ni kweli?" ni kazi bure. Muulize aliipata kwa nani.

Dalili ya kwanza: mgombea anaonekana na mtu ambaye hukutarajia kumwona naye

Hii ni picha ya mgombea akisalimiana na mfanyabiashara anayeshtakiwa, akinywa chai na mpinzani wake mkubwa, au akiwa jukwaani na mtu anayechukiwa na wapiga kura.

Sababu inayotokea mara nyingi zaidi ni kwamba picha ni ya kweli lakini ni ya zamani. Wanasiasa wa Afrika Mashariki huhama vyama, huungana na kutengana, na maadui wa mwaka huu walikuwa marafiki miaka kumi iliyopita. Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea pamoja nchini Kenya mwaka 2013 na 2017, kisha mwaka 2022 Kenyatta akamuunga mkono Raila Odinga. Picha za watu hao wawili au watatu wakicheka pamoja zipo kwa wingi, na zote zinaweza kuwa halali huku maelezo yanayosema "jana usiku" yakiwa ya uongo. Sababu ya pili ni kwamba picha imekatwa ubavuni ili kuondoa watu wengine, na mkutano wa watu ishirini ukaonekana kama kikao cha siri cha wawili. Sababu ya tatu ndiyo ya kuunganisha picha mbili. Ya mwisho ni picha iliyozalishwa yote na akili unde.

Anza na ukaguzi mwepesi. Fungua picha kwa Google Lens, ambayo kwenye simu nyingi za Android inapatikana ndani ya Google Photos au kwa kubonyeza picha kwa muda kwenye kivinjari cha Chrome, uone mahali pengine ilipowahi kutokea. Halafu ipakie kwenye tovuti ya TinEye, ambayo ina mpangilio wa matokeo uitwao `Oldest`, unaoanza na nakala kongwe, na mwingine uitwao `Most Changed`, unaoanza na nakala zinazotofautiana zaidi na yako. Huo wa pili ndio ninaoupenda kwa picha za wanasiasa, kwa sababu unaweza kukuletea picha ileile ikiwa na mtu mmoja pungufu. Kumbuka tu kwamba tarehe inayoonyeshwa na TinEye ni siku mashine yao ilipoiona picha mara ya kwanza, wala si siku picha ilipopigwa. Ikiiona mwaka 2019, una hakika kwamba haikupigwa jana. Huna hakika kwamba ilipigwa 2019.

Ukaguzi huo usipokupa jibu, ikate picha vipande na utafute kila mtu peke yake. Hatua hii rahisi huachwa na karibu kila mtu. Picha iliyounganishwa ikitafutwa nzima hurudisha nakala zake yenyewe, kutoka kurasa zilezile zinazoisambaza, nawe unaweza kudhani kwamba wingi wa nakala ni uthibitisho. Ukimkata mgombea peke yake, kuanzia kifuani hadi juu ya kichwa, bila yule mwenzake, mtambo hulinganisha kipande hicho na picha za asili na mara nyingi huipata ile aliyotolewa. Fanya hivyo hivyo kwa mtu wa pili, kisha kwa mandhari ya nyuma.

Ukishaipata picha moja ya asili, kazi imekwisha, na huhitaji kubishana kuhusu vivuli. Usipoipata, ndipo utazame mwanga. Angalia upande gani wa pua una kivuli kwa mtu wa kwanza na kwa mtu wa pili. Jua ni moja, kwa hiyo watu wawili waliosimama pamoja uwanjani hawawezi kuwa na vivuli vinavyokwenda pande tofauti. Ndani ya ukumbi wenye taa nyingi kanuni hii haifanyi kazi. Angalia pia ukali wa picha: ikiwa nywele za mmoja zinaonekana unywele kwa unywele na za mwenziwe aliye karibu naye zimefifia, yawezekana walitoka kwenye kamera mbili.

Mfano ninaoutumia kufundishia hatua hii ni wa Marekani, na nimeuchagua kwa sababu kila kipande chake kinajulikana kilikotoka. Februari 2004, John Kerry alipokuwa akiongoza katika kura za mchujo za chama cha Demokrat, ilisambaa picha iliyomwonyesha akiwa jukwaani pamoja na mwigizaji Jane Fonda, mwanamke ambaye maaskari wengi waliopigana Vietnam walimchukia kwa upinzani wake dhidi ya vita hivyo. Picha ilitengenezwa ionekane kama kipande cha gazeti, ikiwa na kichwa cha habari na jina la shirika la habari la Associated Press. Kwa mpiga kura wa kawaida, jina hilo lilikuwa muhuri.

Ukweli ni kwamba Kerry alipigwa picha na Ken Light mwezi Juni 1971 katika mkutano wa kupinga vita huko Mineola, jimbo la New York, naye alikuwa peke yake kwenye kipaza sauti. Fonda alipigwa picha na mpiga picha mwingine, Owen Franken, mwaka 1972 huko Miami Beach, Florida. Kati ya picha hizo mbili palikuwa na zaidi ya mwaka mmoja na safari ndefu ya kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi. Mtu alimtoa Fonda huku akamweka kule. Ubishi ulikwisha kwa sababu Light alikuwa bado na negativu yake, yaani filamu ya asili iliyotoka kwenye kamera, na ndani ya negativu hakukuwa na Fonda.

Lakini sehemu yenye somo zaidi haijakwisha hapo. Muda mfupi kabla ya picha hiyo ya kughushi, ilikuwa imesambaa picha nyingine ya Kerry na Fonda, na hiyo ilikuwa ya kweli: mkutano wa mwaka 1970 huko Valley Forge, Pennsylvania, Fonda akiwa ameketi mbele na Kerry akionekana kwa mbali, safu kadhaa nyuma yake. Picha ya kweli ilieleza jambo dogo, kwamba walihudhuria mkutano mmoja. Picha ya uongo ikapanda juu ya mgongo wake na kusema jambo kubwa, kwamba walisimama jukwaa moja. Aliyeuliza "je, wawili hawa waliwahi kukutana mahali pamoja?" angejibiwa ndiyo na kuiamini picha ya pili. Kwa hiyo unapokagua, usithibitishe uhusiano wa watu wawili kwa jumla. Thibitisha picha hiihii uliyo nayo mkononi.

Dalili ya pili: uso ni wake, lakini kuna kitu hakikai sawa

Mara nyingi sababu si uhalifu. Programu za urembo zilizomo ndani ya simu hulainisha ngozi na kunyoosha taya bila kuombwa, na picha iliyopunguzwa ubora mara nyingi huacha mabaka kando ya uso. Sababu ya pili ni mtu anayefanana na mgombea. Ya tatu ni uso kubandikwa kwenye mwili mwingine.

Programu nyingi za kubadilisha nyuso hubadilisha eneo la kuanzia nyusi hadi kidevu, na huacha masikio, mstari wa nywele, shingo na mikono ya mwenye mwili. Basi acha kukodolea macho uso, kwa kuwa hapo ndipo mghushi alipofanya kazi yake vizuri. Tafuta picha mbili au tatu za mgombea huyo kutoka ukurasa wake rasmi, zilizopigwa kwa pembe inayokaribiana na hiyo, kisha linganisha masikio: umbo la ndewe, jinsi sikio linavyokaa kichwani, na kimo chake ukilinganisha na jicho. Linganisha rangi ya shingo na rangi ya shavu. Linganisha mikono, pete, na makunyanzi ya vidole. Mgombea wa miaka sabini hana mikono ya kijana wa ishirini na tano.

Ikiwa ni video, itazame bila sauti kwanza, kisha simamisha pale kichwa kinapogeuka upande kabisa au mkono unapopita mbele ya uso. Hapo ndipo uso uliobandikwa hutetereka, au ukingo wa shavu ukayeyuka kwa nukta moja ya muda. Kabla ya uchaguzi wa Afrika Kusini wa tarehe 29 Mei 2024, ilisambaa video iliyomwonyesha Donald Trump akikiunga mkono chama cha uMkhonto we Sizwe. Ilikuwa ya kughushi na ubora wake ulikuwa duni, lakini hata kama ingekuwa safi, kulikuwa na njia ya mkato: maneno ya mtu wa cheo hicho kuhusu uchaguzi wa nchi nyingine yangeripotiwa na vyombo vingi kwa saa chache. Ukiyatafuta usiyaone popote ila kwenye video yenyewe, usiendelee kuisambaza.

Tahadhari moja hapa. Kuna tovuti zinazokupa asilimia ya uwezekano kwamba picha ni ya kughushi, na nyingine huonyesha rangi zinazong'aa mahali palipohaririwa. Vipimo hivyo hukosea kwa wingi kwenye picha zilizopitia WhatsApp, kwa sababu upunguzaji wa ubora huacha alama zake kila mahali. Nimeona watu wakitumia rangi hizo kumwita mtu mwongo mbele ya kundi zima, na picha ikathibitika baadaye kuwa halali. Mtu asiyejifunza kuzisoma asizitumie kutoa hukumu.

Dalili ya tatu: umati mkubwa kupita kiasi, au bango lenye maneno ya kushangaza

Kwa umati, karibu kila mara ni picha ya zamani au ya nchi nyingine. Rangi za chama zinasaidia udanganyifu huu: kijani na manjano ya CCM ni zilezile uchaguzi baada ya uchaguzi, kwa hiyo mkutano wa miaka iliyopita hauonekani mzee. Kinachozeeka ni vitu vidogo. Soma fulana na kanga, maana huchapishwa zikiwa na jina la mgombea wa mwaka ule. Soma kaulimbiu iliyo jukwaani.

Nchi nayo hujitaja yenyewe pembeni mwa picha. Magari binafsi ya Tanzania yana vibao vya manjano vinavyoanza na herufi T, ya Kenya huanza na K na ya Uganda na U. Kibanda cha M-Pesa cha kijani ni cha Safaricom, Kenya. Chekundu ni cha Vodacom, Tanzania. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, ilhali Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia. Nimewahi kusaidiwa na kibanda cha M-Pesa kilichoonekana nusu tu nyuma ya umati: picha iliyosemwa ni ya mkoa mmoja wa Tanzania ilikuwa na kibanda cha kijani, na utafutaji wa picha ukaipeleka mjini kwingine kabisa, ng'ambo ya mpaka.

Kwa bango, fulana au kadi aliyoishika mgombea, sababu ya kwanza huwa ni maandishi yaliyofutwa na kuandikwa upya. Kazi hiyo hufanyika kwa dakika tano kwenye simu. Kuza picha na uangalie kama herufi zinafuata mikunjo ya kitambaa na mwelekeo wa ubao. Herufi zilizonyooka kikamilifu juu ya fulana iliyokunjamana zimewekwa baadaye. Kisha rudi kwenye hatua ya kutafuta, lakini safari hii kata eneo lenye mtu na uache maandishi.

Dalili ya nne: ukurasa wa mbele wa gazeti au nembo ya televisheni

Hapa picha ya mgombea huwa ya kweli, karatasi ya gazeti ni ya kweli, na kilichobadilishwa ni kichwa cha habari. Hutokea sana siku mbili tatu za mwisho, kwa mfano gazeti likimtangaza mgombea kuwa amejitoa au amefariki. Nembo za mashirika ya kigeni hutumiwa vilevile: mwezi Julai 2017, majuma machache kabla ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 8 Agosti, zilisambaa video zilizovikwa nembo za CNN na BBC zikidai kuonyesha matokeo ya kura za maoni, na mashirika hayo yote mawili yakazikana.

Usianze na kichwa cha habari kikubwa. Soma habari ndogo zilizo pembeni na chini ya ukurasa, kwa maana mghushi hubadilisha kile kikubwa na kuziacha zile ndogo kwa uvivu. Andika maneno ya habari mojawapo ndogo kwenye utafutaji wa mtandaoni, nawe utapata tarehe halisi ya ukurasa huo. Halafu fungua ukurasa rasmi wa gazeti lenyewe, liwe Mwananchi, Nipashe, Taifa Leo au lingine, utazame ukurasa wa mbele wa siku hiyo. Magazeti mengi huuweka mtandaoni kila asubuhi, na kulinganisha huchukua chini ya dakika moja.

Dalili ya tano: umetafuta kwa picha na hukupata kitu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na watu wengi huhitimisha kwamba picha isiyopatikana ni mpya na kwa hiyo ni ya kweli. Sivyo.

Sababu ya kawaida ni kwamba ulichopakia ni picha ya skrini, ikiwa na saa ya simu, alama ya betri na maoni ya watu. Kata yote hayo ubaki na picha tupu. Sababu inayofuata ni kugeuzwa: picha imepinduliwa kushoto kulia kama inavyoonekana kwenye kioo, hila ya kale ya kuwakwepa wanaotafuta. Utaigundua kwa vifungo. Shati la kiume kwa desturi huwa na vifungo upande wa kulia wa mvaaji na matundu upande wa kushoto. Ukiona kinyume, au ukiona saa ya ukutani na maandishi yamegeuka, igeuze picha kwa programu yoyote ya kuhariri na utafute upya. Sababu ya tatu ni mtambo wenyewe: kila mmoja una hazina yake, na kilichokosekana Google kinaweza kupatikana TinEye, Bing au Yandex. Kwa video, simamisha mahali ambapo uso na mandhari vinaonekana vizuri, piga picha ya skrini, uikate, kisha uitafute hiyo. Fanya hivyo kwa sehemu tatu tofauti za video.

Ukimaliza hayo yote bila kupata kitu, jibu lako ni kwamba hujui. Hilo ni jibu halali kabisa, na maana yake kwa mpiga kura ni moja: haisambazwi.

Dalili ya sita: watu wanasema picha ni ya kughushi, nawe unaona ni ya kweli

Siku hizi kumejitokeza tatizo la upande wa pili, ambalo naliona la hatari sawa na lile la kwanza. Picha halali inayomwumiza mgombea, au inayompendeza mpinzani wake, huitwa "ya akili unde" ili ipuuzwe. Tarehe 7 Agosti 2024, Kamala Harris alifanya mkutano wa kampeni katika uwanja wa ndege wa Detroit mbele ya umati mkubwa. Siku chache baadaye Donald Trump alidai kwamba hapakuwa na mtu pale na kwamba picha ilitengenezwa, akitumia hoja kuwa ubavuni mwa ndege hakukuonekana taswira ya umati. Madai hayo hayakusimama, kwa sababu mkutano ulirushwa moja kwa moja na wapiga picha wengi wa vyombo tofauti waliupiga kutoka pembe tofauti.

Njia ya kukagua ni hiyo hiyo: tafuta pembe ya pili. Mkutano wa hadhara una simu mamia, na kila tukio la kweli huacha picha zilizopigwa kutoka kushoto, kulia, jukwaani na mitini. Linganisha kitu kimoja kisichohama, kama vile nguzo, hema au ndege, uone kama kiko mahali palepale katika picha zote. Picha ya umati iliyozalishwa na akili unde haina ndugu.

Mahali pa kusimama na kumwachia mtaalamu

Acha kukagua mwenyewe, na usiipeleke picha popote hata kwa kuuliza kundi "jamani hii ni kweli?", ikiwa picha inamwonyesha mgombea au mwanafamilia wake akiwa utupu, inaonyesha maiti au damu, inataja kabila au dini ya wanaolaumiwa, au inadai kwamba upigaji kura umeahirishwa au kituo kimehamishwa. Wanawake wanaogombea ndio wanaotendewa sana hilo la kwanza, na kila anayeituma "ili ikaguliwe" anaongeza nakala moja ya udhalilishaji. Kuhusu tarehe na vituo, anayejua ni tume ya uchaguzi peke yake, yaani INEC kwa uchaguzi wa Muungano na wa Tanzania Bara, ZEC kwa uchaguzi wa Zanzibar na IEBC kwa Kenya. Fungua tovuti yake au piga simu ofisini.

Picha nyingine zilizokushinda wapelekee watu ambao hiyo ndiyo kazi yao: PesaCheck na Africa Check hukagua madai ya nchi kadhaa za Afrika, na JamiiCheck hufanya hivyo Tanzania. Angalia kwanza kama wameshaichapisha, kwa sababu picha hizi hurudi. Unapowatumia, weka faili yenyewe badala ya picha ya skrini, maneno yaliyoandamana nayo bila kuyahariri, kiungo cha ukurasa ulikoiona, na siku na saa ilipokufikia. Kuna wakati maneno hayo ndiyo huwafikisha kwenye chanzo, kwa kuwa mghushi huyanakili neno kwa neno pamoja na makosa yake ya tahajia.

Anayeishi Tanzania akumbuke pia kwamba kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu uchapishaji wa taarifa za uongo. Ukiitwa na polisi kuhusu picha uliyoisambaza, hapo mtaalamu unayemhitaji ni wakili, na usifute kitu kwenye simu kabla hujazungumza naye.

Ikiwa umeshaisambaza

Ifute kwa chaguo la kufuta kwa wote ikiwa muda bado unaruhusu, kisha andika palepale ulipoituma, kwa maneno yako, kwamba picha ile si ya tukio lililotajwa, ukiweka kiungo cha picha ya asili. Usiirudie picha ya uongo ndani ya masahihisho yako, hata ukiipiga msalaba mwekundu, kwa maana itakatwa na kusambazwa tena bila msalaba.

Na ikiwa aliyeituma ni mkubwa wako, mwandikie faragha. Katika kundi la ukoo wetu baba yangu mkubwa aliwahi kutuma picha ya umati ambao ulikuwa wa mwaka mwingine. Nilimwandikia: "Shikamoo Baba Mkubwa. Ile picha ya mkutano nimeiona kwenye gazeti la zamani, nimekuwekea kiungo hapa chini. Naomba uitazame fulana ya yule kijana aliye mbele, imeandikwa mwaka." Hakunijibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi aliiondoa mwenyewe, akaweka kile kiungo mahali pake.